Aloe Haioti kwa Jani, na Picha ya Juu Peke Yake Haitakuambia

Wacha niseme mapema ndiyo tusipotezeane wakati: mtu akikuuzia jani la aloe na kukwambia ni mche, amekuuzia mboga. Utalilaza juu ya mchanga, utalinyunyizia maji, utalipiga picha kila asubuhi, na mwisho wake ni jani lililooza. Mche wa aloe hautoki hapo. Haujawahi kutoka hapo. Na bado kila wiki naona vidio nyingine ya sekunde thelathini, muziki tamu nyuma, mtu anachuna jani la mmea wowote wenye umbo la waridi na kuandika: "Kila jani la sakulenti ni mmea mpya."

Si kweli. Hiyo sentensi inamaliza doo za vijana huku kwetu, kuanzia Sirisia hadi Kitale, na mimi nimechoka kuiona ikishangiliwa.

Biashara ya sakulenti ni nzuri, sina neno nayo. Mmea unakaa kwenye kopo la rangi lililotobolewa, haulii maji kila siku, na picha yake inapendeza. Ndiyo maana wasee wengi wa rika letu wanaanza nayo badala ya kuku. Shida ni kwamba mtaji wetu ni mdogo sana. Binamu yangu wa Chwele alinunua majani thelathini mtandaoni, arobaini kwa kila jani. Hiyo ni shilingi 1,200, na alikuwa ameziweka kwa miezi. Picha aliyoonyeshwa ilikuwa moja tu: umbo zuri la waridi, limepigwa kutoka juu. Majani yalipofika yalikuwa marefu, yana miiba midogo pembeni, na sehemu ya chini ilikuwa pana kama kijiko cha kupakulia ugali, imekatwa kwa kisu. Aliyefungua bahasha hiyo akijua anachotazama angejua palepale kwamba hakuna hata moja litakaloota. Muuzaji alipoulizwa alisema, "Mwagilia pole pole, sakulenti inataka uvumilivu." Uvumilivu wa nini, bana? Wa kungoja jiwe litage?

Kwa hivyo leo tuongee kuhusu picha. Nani anakuonyesha picha gani, na inakuambia nini.

Picha ya juu ni tamu, lakini inaficha

Mimea hii tunaita ya roseti kwa sababu majani yake yamejipanga kuzunguka katikati kama petali za waridi. Ukiitazama kutoka juu unaona mizunguko inayopishana, mingine inaenda kulia, mingine kushoto. Watu wanadhani huo mpangilio ni kama alama ya kidole, kwamba kila jamii ina wake. Hapana. Kwenye roseti nyingi za kuzunguka, jani jipya linatokea karibu digrii 137 kutoka jani lililotangulia. Hiyo hesabu iko kwa Echeveria ya Meksiko, iko kwa aloe zetu nyingi zikishakomaa, iko hata kwa mkonge wa kwenye ua. Inasaidia kila jani kupata mwanga bila kukaa chini ya kivuli cha mwenzake, basi mimea isiyohusiana kabisa imefika kwenye mpangilio mmoja.

Echeveria na aloe ni watu wa koo mbili tofauti. Aloe iko karibu zaidi na kitunguu na mahindi kuliko ilivyo karibu na Echeveria. Ukizipiga picha kutoka juu zinafanana kama mapacha. Ukizishika mkononi ni kama mbuzi na samaki.

Sisemi picha ya juu haina kazi. Inaweza kukuondolea baadhi ya washukiwa. Ukiona majani yamekaa mawili mawili, na kila jozi imekata jozi ya chini kama msalaba, hapo hauko kwenye Echeveria wala aloe. Uko karibu na Crassula, ule ukoo wa mti wa pesa wenye majani mviringo. Ukiona majani yamepangwa kwa safu mbili tu kama feni, inaweza kuwa Gasteria. Lakini hapa pia pana mtego: watoto wa aloe nyingi huanza na safu mbili za feni, halafu wakikua ndiyo wanaanza kuzunguka. Msee anaweza kukuuzia mtoto wa aloe na kukwambia ni aina adimu, kwa sababu tu bado hajazunguka. Kwa hivyo mpangilio wa juu ni mwanzo wa swali. Jibu liko kwingine.

Jibu liko kwenye kitako cha jani

Huku kwetu kila mtu amewahi kuvunja jani la mahindi. Unajua linavyofanya: halijashikilia bua kwa kidole kimoja, limelikumbatia. Sehemu ya chini ya jani inazunguka bua kama mtu aliyejifunga leso. Ukilivuta linapasuka, linaacha utepe, na haliachani na bua kwa usafi. Hakuna mtu Bungoma nzima ambaye amewahi kupanda jani la mahindi akingoja gunia.

Aloe imejengwa hivyohivyo. Chini ya jani ni pana, nyeupe, na limekumbatia shina. Jicho, yaani lile chipukizi linaloweza kuwa mmea mpya, linakaa kwenye shina, pale kwenye kona kati ya jani na shina. Ukikata jani, jicho linabaki kwa mama. Wewe umebeba tangi la maji. Limejaa utomvu na ni kijani, na linaweza kukaa wiki kadhaa likionekana zima kabisa, kwa sababu kazi yake ni kuhifadhi maji. Huo uzima ndio unaodanganya watu. Kukawia kuoza ni tofauti na kuota.

Sasa chukua Echeveria au Graptopetalum. Jani ni nene katikati, halafu linapungua likielekea chini, linashika shina kwa sehemu ndogo sana, kama shanga iliyoning'inizwa. Ukilisukuma kwa kidole gumba kushoto na kulia linatoka lote na kuacha kovu safi kwenye shina. Pale kwenye ncha ya chini ya jani pamebaki chembe ambazo bado zina uwezo wa kugawanyika na kujenga vitu viwili: mizizi, na roseti mpya. Vyote viwili. Shika hilo, kwa sababu tutarudi kwake.

Kwa hivyo mtu akitaka umsaidie kuamua, au wewe ukitaka kununua, usikubali picha moja. Omba tatu. Ya kwanza kutoka juu. Ya pili kutoka ubavuni, kamera iwe sawa na udongo, ili uone kama kuna shina na majani yameshikaje. Ya tatu ni jani moja lililotolewa, limelazwa kwenye karatasi nyeupe, kitako chake kikiwa karibu na kamera. Muuzaji akikataa hiyo ya tatu, umeshapata jibu lako.

Waridi tatu zinazowachanganya watu

Sitakutajia aina mia. Nikitembea kwenye vibanda vya miche, vikundi vitatu ndivyo vinavyoleta kesi nyingi.

Kikundi cha kwanza ni Echeveria na binamu yake Graptopetalum. Majani ni mnene, hayana miiba pembeni, mara nyingi yamepakwa unga mweupe ambao ukiugusa unaacha alama ya kidole. Ukitazama ubavuni roseti imekaa chini, au iko kwenye shina fupi linaloinama. Maua yanatokea ubavuni, kati ya majani, na yakiisha mmea unaendelea na maisha yake. Hapa jani linaota. Vidio za mtandaoni zilirekodiwa kwa kikundi hiki, halafu watu wakazibandika kwa kila kitu.

Kikundi cha pili ni aloe, mkonge na ndugu zao. Kitako cha jani ni kipana na kimekumbatia, pembeni mara nyingi pana meno au ncha kali. Hapa usichune jani, tafuta watoto. Aloe nyingi zinatoa watoto pembeni ya mama, na mtoto akifika urefu wa kidole na ana mizizi yake, unamtenganisha, unamwacha kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, halafu unampanda. Aina ambazo hazitoi watoto zinapandwa kwa mbegu. Hakuna njia ya mkato.

Kikundi cha tatu ndicho kinachochoma hata watu wanaojiona wajuzi: Aeonium. Kutoka juu ni waridi zuri kuliko Echeveria yenyewe. Lakini angalia ubavuni: ni kama sahani iliyowekwa juu ya fimbo. Shina liko wazi, lina makovu ya majani yaliyoanguka, na roseti iko kileleni tu. Majani ni membamba, na ukiyaweka dhidi ya mwanga utaona vinyweleo vidogo kwenye kingo kama kope za macho. Tena jani linaweza kutoka kwa usafi, ndiyo maana linadanganya. Ila ukililaza linanyauka na kuisha bila kutoa kitu. Aeonium inazalishwa kwa kukata kichwa chote na kipande cha shina, sentimita tano hadi kumi, kukausha kidonda siku chache, na kuchomeka kwenye mchanga. Na ikiamua kutoa maua, ua linatoka katikati kabisa, na roseti hiyo inakufa baada ya hapo. Ukiona kitovu kinaanza kurefuka kwenda juu, kata vichwa vingine mapema. Usidhani hii ni mimea ya wazungu tu, kwa sababu kuna Aeonium ya pande zetu, Aeonium leucoblepharum, inayomea kutoka Ethiopia hadi Kenya na Uganda.

Mkonge ulishatufundisha

Kuna mtu ataniambia, "Wewe ni mdogo, hii ya majani imeanza juzi, tuache tujaribu." Sawa, lakini Afrika Mashariki ina ushahidi wa zaidi ya miaka mia moja mbele ya macho yetu. Mkonge ni sakulenti ya roseti. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida ije Tanga. Safari iliiua mingi, na iliyofika ikiwa hai ni 62. Kutoka hiyo 62 ndipo mashamba makubwa ya mkonge ya Tanganyika yalipotokea.

Sasa jiulize. Mkonge mmoja una majani mengi mno. Kama kila jani la roseti lingekuwa mmea, huyo bwana asingehangaika kungoja miche 62 ikomae. Angekata majani tu, aijaze Tanga ndani ya mwaka mmoja. Ile miche 1,000 yenyewe ilikuwa watoto wadogo wanaoota juu kwenye mlingoti wa mkonge baada ya maua. Hao ndio wanaopandwa, pamoja na machipukizi yanayotoka chini ya mama. Majani ya mkonge yamekatwa kwa mamilioni tangu wakati huo, yakapelekwa kiwandani kutoa kamba. Kukhu yangu hajawahi kusikia neno roseti, lakini ukimwambia apande jani la mkonge kwenye ua atakucheka hadi chai imwagike.

Kesi moja, hatua kwa hatua

Msichana mmoja wa Kitale alinitumia picha akiuliza kama akate au achune majani. Alikuwa na mmea mmoja tu na alitaka ipatikane mingi. Tulienda hivi.

Picha ya juu: roseti ya rangi ya kijivu yenye wekundu kidogo, majani yamechongoka, hayana meno, mpangilio wa kuzunguka. Mpaka hapo ingeweza kuwa Echeveria, Graptopetalum, au hata kitu kingine. Hatukuamua.

Picha ya ubavuni: shina limeinama nje ya kopo, refu kama kalamu mpya, na majani yameachana nafasi. Hiyo inasema mmea umekosa mwanga, ukarefuka kuutafuta. Shina lina makovu madogo ya duara, si mikanda inayozunguka. Kwa hiyo majani hayakumbatii shina, na aloe imetoka kwenye orodha.

Picha ya kitako: jani nene, pembeni hakuna kope, chini limekuwa jembamba na kuishia kwenye nukta ndogo nyeupe, haijapasuka. Aeonium nayo ikatoka. Kwa rangi ile ya kijivu na shina lile la kuinama, nilimwambia ni Graptopetalum paraguayense. Jina linasema Paragwai lakini mmea wenyewe ni wa Meksiko, walikosea kuupa jina. Kama angetaka uhakika zaidi angengoja maua: ya Graptopetalum yamefunguka kama nyota na yana madoa, ya Echeveria yamefumba kama kengele. Lakini kwa uamuzi wa kuzalisha haikuwa lazima, kwa sababu zote mbili zinaota kwa jani.

Uamuzi ukawa wa sehemu tatu. Kichwa kikatwe na sentimita tano za shina, kiwe mmea mkubwa wa haraka. Majani ya shina lililobaki yachunwe kwa kusukuma kwa kidole, yasikatwe kwa kisu, kwa sababu kisu kinaacha zile chembe za kitako kwenye shina. Na kisiki kisitupwe: pale kwenye makovu kuna macho, na kisiki cha kikundi hiki mara nyingi hutoa vichwa vipya.

Majani tuliyaacha kwenye gazeti kivulini siku nne mpaka vitako vikauke na kufunga. Hapo hakuna maji hata tone. Kisha yakalazwa juu ya mchanganyiko wa mchanga wa mto na udongo, nusu kwa nusu, hayakufukiwa. Yakakaa mahali penye mwanga mwingi lakini jua la saa saba haliyapigi. Alianza kunyunyizia tu baada ya kuona mizizi ya waridi kama nyuzi, ambayo kwa kawaida inachukua wiki mbili au tatu. Roseti ndogo kama kichwa cha kiberiti hufuata, mara nyingi kati ya wiki ya nne na ya nane. Jani mama linakunjamana na kunyauka pole pole kwa sababu mtoto anakula kutoka kwake. Usiling'oe. Likikauka kabisa litaachia lenyewe.

Kwa watu wa huku kuna jambo ambalo vidio za nchi kavu hazisemi. Mvua zetu zinaanza Machi na zinaendelea miezi mingi. Majani yaliyolazwa nje yakinyeshewa yanaoza hata kama ni ya aina sahihi. Weka karatasi ya plastiki juu kama paa, pande ziwe wazi hewa ipite. Na ujue kutofautisha: jani lililokunjamana lakini gumu liko kazini. Jani lililolainika, linaloonekana kama limejaa maji na kupitisha mwanga, na weusi unapanda kutoka kitako, limeoza. Litoe siku hiyo hiyo kabla halijagusa mwenzake.

"Lakini langu lilitoa mizizi"

Najua komenti zenu kabla hamjaziandika. Ya kwanza ni hii: "Mimi nilipanda jani la aloe na likatoa mizizi." Huenda. Ndiyo maana nilikwambia ushike neno lile, vyote viwili. Mizizi bila jicho si mmea. Watu wa fani huliita jani kipofu: lina mizizi, linakunywa, linaweza kukaa miezi likiwa kijani, lakini halina pa kuchipukia. Hata Echeveria inaweza kukupa jani kipofu mara mojamoja. Kwa hivyo mtu akikuonyesha jani lenye mizizi na kukuambia "limeshika", muulize swali moja: roseti iko wapi? Kama haipo, usilipe bei ya mche. Na kama jani lako la aloe lilikuja na roseti kweli, kuna uwezekano mkubwa ulilirarua pamoja na kipande cha shina chenye jicho. Hapo ulipanda kipande cha shina bila kujua.

Komenti ya pili: "Sansevieria nayo si ya kukumbatia? Mbona inaota kwa jani?" Swali zuri, na hapa naheshimu. Ni kweli, ukoo wa aloe na mkonge una watu wachache wanaokataa sheria. Sansevieria inaota kwa kipande cha jani. Gasteria pia inaweza. Haworthia wakati mwingine, ukilitoa jani zima na kitako chake cheupe, lakini watoto wa pembeni ni njia ya uhakika zaidi. Kitako cha jani kinakupa uamuzi wa kwanza, halafu jina la jamii linakupa ruhusa ya mwisho. Tena Sansevieria ina mtego wake. Ile fupi ya roseti yenye mistari ya njano pembeni, ukiipanda kwa jani, mtoto anatoka wa kijani bila njano, kwa sababu tabaka la njano halirudi kwenye chipukizi linaloanza upya kutoka kwenye jani. Ukitaka njano, gawanya mmea kwenye mizizi. Ukiuziwa jani la njano kwa bei ya njano, umelipia rangi ambayo haitakuja.

Komenti ya tatu ndiyo inayonikera: "Acha wivu, watu wanatafuta riziki." Riziki ya nani? Aliyenunua majani thelathini naye alikuwa anatafuta riziki.

Mlima nao unalipa

Kuna jambo kubwa zaidi ya 1,200 za binamu yangu. Tumekaa chini ya Mlima Elgon. Huo mlima una aloe inayobeba jina lake, Aloe elgonica, iliyoandikwa kisayansi mwaka 1932. Inamea kwa makundi mazito, na majani yake hugeuka wekundu ikiwa juani. Ni roseti nzuri ya kupigwa picha, na hiyo ndiyo hatari yake.

Tukikubali kwamba kila jani ni mche, basi mtu asiye na mtaji ataenda wapi kutafuta majani ya bure? Atapanda mlimani. Atachuna majani ya aloe za mwituni, atauza, hayataota, mnunuzi atataka mengine, naye atarudi tena. Kila jani lililochunwa ni akiba ya maji iliyotolewa kwa mmea uliokuwa ukijiandaa kwa kiangazi, na hakuna hata mche mmoja uliozaliwa mahali pake.

Isitoshe, aloe za mwituni si mboga ya kando ya barabara. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wake kwa ajili ya utomvu, na mwaka 2007 zikatoka kanuni za serikali za kuratibu biashara hiyo. Kimataifa, aloe zote ziko kwenye mkataba wa CITES isipokuwa Aloe vera peke yake. Maana yake ni kwamba ukituma aloe ya Elgon kwa shabiki wako wa Dubai bila vibali, hujamtumia zawadi, umemtumia kesi. Kijana anayeuza kwenye WhatsApp anapaswa kujua hilo kabla ya kuweka bei.

Ninachotaka

Wauzaji: kila tangazo la jani liwe na picha ya kitako na jina la jamii. Kama hujui jina, uza mmea wenye mizizi, usiuze jani. Mtu akinunua jani la aloe, mkonge au Aeonium kama mche, mrudishieni pesa zake, kwa sababu hamkumuuzia mche.

Wenzangu wa vidio: futeni neno "kila". Semeni Echeveria, semeni Graptopetalum, onyesheni kidole kikisukuma jani hadi litoke safi. Inaongeza sekunde tano tu.

Na wewe unayenunua: usitume pesa kwa picha ya juu. Sema hivi kwenye inboksi, "Nitumie ubavu na kitako." Ukiona kitako kipana kilichokatwa kwa kisu, funga simu, nenda kwa jirani mwenye aloe, muombe mtoto mmoja wa pembeni. Atakupa bure, na huyo ataota.